Ushauri: usukani wa simuleta, nichukue wa gia, wa mkanda au DD?

Kijana_wa_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama wiki ya pili sasa, sipati hata usingizi. Nacheza Assetto Corsa kwenye kompyuta kwa usukani wa gia nilioununua mtumba. Unagonga kama cherehani, na jirani wa chini ameshapanda kulalamika mara mbili. Kwenye njia iliyonyooka nausogeza kidogo sisikii kitu, na gari likianza kuteleza nyuma nachelewa kulikamata. Kuna jamaa anauza wa mkanda uliotumika. Pia kuna hizi dairekti draivu, ambazo usukani unakaa juu ya mhimili wa mota yenyewe. Mliowahi kushika zote tatu, mkononi zinatofautianaje? Nawasilisha.

Mzee_Noah
Kijana, usukani unaogonga ni tairodi endi au bushi za raki. Noah yangu iligonga hivyohivyo miezi mitatu, fundi akabadilisha bushi, ikatulia. Mkanda wa pawa stelingi usinunue mtumba, utakukatikia kwenye foleni.

Mama_Wawili
Mzee, anaongelea gemu, si gari. Ila mwanangu, kama una familia, kodi na ada kwanza.

Gesi_Mpaka_Mwisho
Chukua DD, fungua nguvu mpaka mwisho, habari imeisha. Nguvu ndiyo uhalisia. Mkanda ni kupoteza hela.

Fundi_Mota
Mkuu, nimeanza na gia, nikaja mkanda, sasa niko DD mwaka wa tatu. Nguvu si ndiyo tofauti kubwa, tofauti ni ile plei ya katikati. Kwenye gia, meno yana nafasi kati yake. Tairi za mbele zikibadilika kidogo, mota inasukuma lakini jino linasafiri kwanza kwenye ile nafasi, kisha linagonga, ndipo wewe unasikia. Gari likitoka nyuma, usukani huanza kujigeuza kwa nguvu ndogo sana. Ile nguvu ndogo ndiyo inayopotea, ndiyo maana unachelewa. Mikono yako haina kosa.

Mkanda hauna kugonga. Unateleza laini kama umepakwa mafuta, na jirani atalala. Lakini mpira unavutika, kwa hiyo ukipanda ukingo wa barabara unasikia "vuu" mahali ambapo ungesikia "ta-ta-ta". DD haina kitu cha kati. Tairi za mbele zikianza kuishiwa mshiko kwenye kona, usukani unakuwa mwepesi kabla macho hayajaona. Mara ya kwanza nilidhani imeharibika, kumbe ndiyo mara ya kwanza nasikia.

Kabla hujanunua chochote, ingia kwenye mipangilio ya mchezo, tafuta `Minimum Force`. Anza na 0, panda asilimia moja moja huku unaendesha njia iliyonyooka. Usukani ukianza kujitikisa wenyewe kushoto kulia, rudi nyuma kidogo. Hiyo inaruka ile nafasi ya meno. Haitaondoa kelele. Ukihamia DD, irudishe 0.

Sasa swali: unafunga juu ya nini, na unakalia kiti gani?

Kijana_wa_Tabata
Asante sana mkuu. Meza ipo, hilo halina shida. Vipi kati ya 5 Nm na 8 Nm?

Fundi_Mota
Sijauliza kama ipo. Ni meza gani?

Dada_Sinza
Mimi nilifunga wa mkanda kwenye meza ya kulia chakula, mume wangu akakuta alama za kibano kwenye vanishi. Tulinuniana siku nne. Jibu swali la watu, kaka.

Kijana_wa_Tabata
Sawa. Ni ile meza ya plastiki inayokunjwa. Kiti ni cha ofisi chenye magurudumu. Lakini nimeweka tofali miguuni na meza imetulia kabisa. Na niseme ukweli, DD nimeshalipia nusu. Binamu yangu yuko Dubai, anakuja nayo mwezi ujao. Ni CSL DD, 5 Nm, na baadaye nitaongeza ile pawa saplai kubwa ifike 8. Ndiyo maana wa mkanda sikuutilia maanani sana.

Mama_Wawili
Kumbe umeshaamua, unatafuta wa kukubariki.

Fundi_Mota
Sikiliza. Chukua usukani wa sentimita 30 upana, kutoka katikati hadi ukingo ni 15. Nm 5 hapo ni kama kuning'iniza kilo tatu na nusu upande mmoja wa duara. Nm 8 ni kilo tano na nusu. Gia kama za G29 ni Nm 2 na kidogo, kilo moja na nusu tu. Na huo mzigo unahama kushoto kwenda kulia kufumba na kufumbua. Meza ikiyumba, yale uliyolipia yanaliwa na plastiki kabla hayajafika mkononi. Kiti nacho, ukikanyaga breki kwa nguvu kinarudi nyuma. Halafu muulize binamu kama amelipia duara la kushika na pedali. Besi huuzwa peke yake.

Gesi_Mpaka_Mwisho
Mimi yangu iko asilimia 100 na meza ya kawaida, naendesha freshi.

Fundi_Mota
`Gain` ikizidi, nguvu zinagonga dari. Kona ya wastani na kona kali zinakuwa na uzito uleule, huwezi tena kujua tairi imebakiza kiasi gani. Una nguvu, taarifa huna.

Jicho_la_Tai
Wakuu, hii ni chai. Kajiunga juzi, ametaja "jamaa anauza wa mkanda" kwenye mistari ya kwanza. Huyo jamaa ni yeye. Kesho ataleta namba ya simu.

Dada_Sinza
Hata mimi nimeanza kuwaza. Binamu wa Dubai huwa hakosekani kwenye hizi stori.

Kijana_wa_Tabata
Siuzi kitu. Na huo wa mkanda simshauri mtu. Nilienda kuujaribu nyumbani kwake. Mizunguko ya mwanzo ulikuwa mtamu. Baada ya dakika kama ishirini feni ikaanza kulia na usukani ukawa mwepesi kama wa mtoto. Tukanywa soda, tuliporudi nguvu zimerudi. Dalali angesema hayo?

Jicho_la_Tai
Mkanda umelegea tu huo.

Fundi_Mota
Mkanda uliolegea hauponi kwa soda. Nguvu zikirudi baada ya kupumzika ni joto la mota, inajipunguza isiungue. Mimi namwamini. Kijana, fanya hivi leo: zungusha usukani wako wa sasa kulia mpaka mwisho, ning'iniza dumu lenye lita tatu za maji upande wa kulia wa duara, uangalie ukingo wa meza.

Kijana_wa_Tabata
Nimejaribu. Ukingo umeshuka upana wa kidole na tofali moja limehama. Nimeumia, lakini nimeona. `Minimum Force` nimefika 11 ikaanza kujitikisa, nimerudi 9, sasa nasikia kitu katikati. Kesho naenda kwa seremala. Mninga au mkongo?

Mzee_Noah
Mninga.

Fundi_Mota
Mbao yoyote ngumu. Mwambie aweke mshazari kati ya miguu ya nyuma, na ubao mbele wa kuzuia pedali na magurudumu ya kiti. Usiongeze ile pawa saplai mpaka dumu la lita tano lisisogeze kitu. Na siku ya kwanza, vidole gumba viwe nje ya duara, ukigonga ukuta usukani haukusubiri.

Mama_Wawili
Jirani je, ameambiwa?