Mnaowapa watu karanga badala ya samaki ili wapungue mwili, acheni!

Wakuu, nina hasira. Mwalimu mmoja wa mazoezi kampa dada yangu ratiba ya kupunguza mwili, tena ya kulipia. Kafuta sato wa mchana, kaweka karanga viganja vitatu kwa siku, eti "zina protini kuliko samaki". Ushahidi wake ni jedwali la gramu 100: karanga 26, sato 20. Basi.

Safu ya kalori iko palepale pembeni, hakuisoma! Gramu 100 za karanga ni kalori kama 567. Za mnofu mbichi wa sato ni 96. Anayepunguza mwili anabanwa na kalori, si uzito wa chakula. Pima protini kwa kila kalori 100 uone: sato gramu 21, kifua cha kuku bila ngozi 19, mayai karibu 9, maharage ya kuchemsha 7, karanga 4.5, korosho 3 na ushee. Karanga zimepitwa hata na maharage!

Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na gramu ya mafuta ina kalori 9 wakati ya protini ina 4. Sato, zaidi ya robo tatu ya mnofu wake ni maji. Maji ndiyo yanayomshusha kwenye jedwali la gramu, ila hayana kalori hata moja.

Dada akitaka gramu 20 za protini, kwa sato anatumia kalori kama 100. Kwa karanga ale gramu 78, kalori 440. Halafu mzani usiposhuka anaambiwa hana nidhamu!

Kijana_wa_Chuma: Punguza jazba mkuu. Mafuta ya karanga ni mazuri kwa moyo, hayanenepeshi.

Mtoa mada: Kwa moyo sawa, sibishi. Kalori zake ni zilezile 9.

Mama Nuru: Mwanangu ana miaka mitatu, hanenepi, nampa uji wa karanga. Kumbe nakosea?

Mpishi_Mwanza: Hukosei mama, yeye anahitaji kalori nyingi kwenye tumbo dogo, hesabu hii si yake. Mtoa mada uko sahihi, ila umetaja sato mbichi. Dada anamlaje? Mnofu wa gramu 150 una protini 30 na kalori kama 145. Ukikaangwa ukanywa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, ongeza 120. Protini kwa kila kalori 100 inashuka kutoka gramu 21 hadi 11 hivi. Achemshwe au achomwe.

Mtoa mada: Anakaangwa. Hilo nitamwambia leo.

Kijana_wa_Chuma: Na bei je? Karanga za buku nashiba. Sato wa buku yuko wapi?

Mpishi_Mwanza: Jaribu dagaa wakavu, nao kwa protini kwa kila kalori wako juu sana. Ila walioanikwa mchangani uwaoshe mpaka mchanga uishe, maana unapimiwa nao.