Niko kazini London ikifunguka, chati niangalie saa ngapi?

Wakuu naombeni ushauri. Nipo UTC+3, kazini naingia saa 2 asubuhi natoka saa 11 jioni, lanchi ni saa 7 hadi saa 8. Natredi GBPUSD peke yake. Nikiamka saa 12 naangalia renji ya usiku halafu naacha oda mbili, Buy Stop juu na Sell Stop chini, naenda kazini. Jana renji ilikuwa 1.2710 hadi 1.2735, nikaweka Sell Stop 1.2705 na Buy Stop 1.2740, stop losi pipsi 20 kila moja. Bei ikashuka ikaichukua ya chini, ikageuka ikanipiga, ikapanda ikaichukua ya juu, ikarudi ikanipiga tena, pipsi 40 zimeenda na mimi nipo kwenye kikao cha ofisi. Nibadilishe muda au niache hii pea?

Mzee_wa_Mishumaa: Pea haina kosa kaka. Saa 12 asubuhi renji bado haijaisha, majira haya London inafunguka saa 4 kwako, kwa hiyo unaweka oda masaa manne kabla, na data za Uingereza zinatokaga saa 3, kabla London haijafungua hata mlango. Asubuhi chora tu leveli zako na uweke alamu, usiache oda.

pipsi_kidogo: London inafunguka saa 5, sio saa 4. Mimi kila siku nafungua chati saa 5 kamili.

Mzee_wa_Mishumaa: Saa 5 ni kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Wao wanasogeza saa, sisi hatusogezi. Kwa sasa wewe unafika lisaa limoja limeshapita.

dada_chati: Mi nilihamia kripto, inatembea hadi wikendi, sina shida ya kufunguka wala kufungwa.

Muanzisha uzi: Asante dada ila mimi nabaki na pauni. Mzee, alamu ikilia niko na bosi nafanyaje?

Mzee_wa_Mishumaa: Unaiacha. Lanchi saa 7 fungua chati ya dakika 15, hapo soko lina masaa matatu. Jana ungeona imetoka chini ikarudi ndani ya renji, imetoka juu ikarudi ndani, hiyo siku unafunga simu unakula. Ikiwa imetoka upande mmoja na mishumaa inafungia nje, weka Limit pale kwenye ukingo wa renji isubiri bei irudi, na uipe muda wa kuisha usije ukaisahau. Angalia tu saa ya seva ya broka wako, hiyo oda inaisha kwa saa ya seva, sio ya simu yako.

pipsi_kidogo: Lakini saa 7 muvu kubwa si imeshaondoka? Bora ajaribu jioni akitoka, Niuyoki na London ziko pamoja.

Mzee_wa_Mishumaa: Siku nyingine inaondoka kweli, na hairudi. Ya jioni sijaitredi vya kutosha nikuambie.

Muanzisha uzi: Kesho nachora saa 12 naangalia saa 7, demo kwanza hadi mwisho wa mwezi. Ya jioni kama kuna anayeifanya akitoka kazini aniambie anaifungaje, maana London inafunga saa 12 na nusu, mimi ndo kwanza nimefika nyumbani.