Nimezuia namba ya duka: matangazo yanaendelea kwa namba nyingine, taarifa ya fundi ndiyo imepotea!

Binti_Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Leo naandika nikiwa na hasira, nivumilieni.

Nilinunua jokofu kwenye duka moja kubwa la vifaa vya umeme Kariakoo. Wakati wa kulipa wakaniomba namba ya WhatsApp, wakasema ni ya garantii, likiharibika watanitafuta kwa hiyo. Nikatoa. Tangu hapo sina amani. Ofa ya wikiendi, ofa ya sikukuu, runinga imeshuka bei, blenda imebaki chache. Saa nne usiku mtu umelala simu inalia, unashtuka ukidhani kuna msiba, kumbe ni pasi za mvuke.

Nikawajibu kistaarabu: "Naomba msinitumie tena matangazo." Jibu likaja papo hapo: "Asante kwa kuwasiliana nasi, mhudumu wetu atakujibu hivi punde." Mhudumu hakuja. Lililokuja ni tangazo jingine. Nikapiga bloku.

Sasa sikieni kilichofuata. Jokofu likaacha kugandisha. Nikapiga simu kitengo chao cha huduma, wakaandikisha tatizo, wakasema fundi atapangwa na nitapata taarifa ya siku na saa. Nikasubiri wee. Samaki wameoza, maziwa yamechachuka. Nikaenda dukani mwenyewe, kijana wa kaunta akafungua kompyuta akanionyesha: taarifa ya fundi ilitumwa WhatsApp, ikiniomba nithibitishe kwamba nitakuwepo nyumbani. Pembeni yake tiki moja tu. Kwa kuwa sikuthibitisha, mfumo ukafuta miadi na fundi akapelekwa kwa mtu mwingine. Namba iliyotuma ndiyo ileile ya matangazo!

Na huku taarifa ya fundi imekwama, matangazo hayakukoma. Yalikuwa yanaingia kutoka namba ya pili ya duka hilohilo, nembo ileile, wanaita ya tawi jingine. Yaani bloku yangu imeniziba mimi nisipate haki yangu ya garantii, wao wanaendelea kuuza.

Ukimzuia mtu mnamalizana. Hakupigii, meseji yake haifiki, hakuoni ukiwa hewani wala stetasi zako, na baada ya muda anaelewa mwenyewe. Kampuni haielewi chochote. Hakuna mtu upande wa pili anayejiuliza kwa nini Binti hajibu. Kuna orodha, na namba yangu imo kwenye orodha. Nimefunga mlango mmoja, orodha iko palepale.

Naomba kujua, nafungaje matangazo peke yake bila kumfungia fundi?

Kisiki_cha_Mpingo

Piga bloku namba zote mbili na uripoti. Ukiripoti tu WhatsApp wanaifunga namba yao siku hiyohiyo. Mimi nimeshafunga maduka kibao hivyo. Msibembeleze hawa watu.

Neema_wa_Ilala

Samahani dada, naingilia. Hapo kwenye tiki moja umenigusa. Mchumba wangu meseji zangu zina tiki moja tangu juzi na picha yake siioni. Ina maana na mimi nimewekwa bloku? Simu ya kawaida inaita.

Fundi_Meseji

@Neema_wa_Ilala, tiki moja inaweza pia kuwa hana bando au simu imezima, na picha mtu anaweza kuificha kwa mipangilio yake tu. WhatsApp kwa makusudi hawaweki dalili moja ya uhakika. Kama simu inaita, mpigie mwenyewe.

Dada mwenye uzi, kazi yangu ni kuunganisha kampuni na mifumo ya kutuma meseji, kwa hiyo nitakwambia tunavyoona upande wetu.

Kampuni kubwa haitumii simu ya mkononi. Inatuma kwa mfumo, na kila meseji inayoanzishwa na kampuni lazima iwe na kiolezo, yaani maneno yaliyoandaliwa mapema, kilichokubaliwa na Meta wenye WhatsApp, chenye aina yake. Kuna cha matangazo, kuna cha huduma kama risiti na miadi ya fundi, na kuna cha namba za siri za kuthibitisha kuwa ni wewe. Vyote vitatu vinaweza kutoka namba moja. Ukiweka bloku, unaizuia namba, kwa hiyo vyote vitatu vinakwama. Namba ya pili ya tawi haiguswi kabisa, ni akaunti nyingine machoni pa simu yako.

Unachokitafuta wewe kipo. Fungua mazungumzo na duka, gusa jina la biashara pale juu, shuka chini utafute sehemu ya ofa na matangazo. Kama simu yako iko kwa Kiingereza imeandikwa Offers and announcements. Zima hapo. Baada ya hapo, duka likijaribu kukutumia kiolezo cha matangazo, kwetu kinarudi na namba ya kosa 131050, maana yake mteja amekataa matangazo. Taarifa ya fundi inapita kama kawaida. Ndiyo tofauti kubwa: ukizima matangazo tunajulishwa waziwazi kwamba umekataa, ukiweka bloku hakuna anayetwambia umetuzuia. Tunaona haikufika tu, na mtu wa masoko anadhani umepoteza simu. Ndipo anakutafuta kwa namba nyingine.

Kuhusu kuwajibu "msinitumie", pole sana. Kwa mfumo hayo ni maneno tu, hayazimi kitu hadi kampuni yenyewe iwe imepanga mtu au programu ya kuyasoma na kukutoa kwenye orodha. Tena ukijibu unafungua dirisha la saa 24, na ndani ya muda huo wanaruhusiwa kukuandikia bila kiolezo. Ndiyo maana jibu lile la "mhudumu atakujibu" lilikuja haraka.

@Kisiki_cha_Mpingo, uko sahihi nusu. Kuripoti kuna maana. WhatsApp wanapokea hadi meseji 5 za mwisho ulizotumiwa na namba hiyo, na kampuni haiambiwi nani ameripoti. Bloku na ripoti zikiwa nyingi, hadhi ya ubora ya namba inashuka kutoka kijani kwenda njano hadi nyekundu, na kampuni inaliona hilo. Lakini ripoti ya mtu mmoja haiui namba siku hiyohiyo.

Kisiki_cha_Mpingo

Mkuu, mimi niliporipoti matangazo yalikoma. Hilo ndilo ninalolijua.

Fundi_Meseji

Yalikoma kwa sababu wakati wa kuripoti uliacha alama ya kuzuia ikiwa imewekwa. Bloku ndiyo iliyofanya kazi.

Otis_wa_Kayole

Sasa huku Kenya sisi kero yetu ni za SMS. Hizo mwisho wake huwa imeandikwa STOP \*456\*9\*5#, unapiga hiyo unachagua jina la mtumaji unayetaka kuzima. Ukibloku kwa simu pekee, network bado inaleta, simu inaficha tu, na wakibadilisha jina la mtumaji unaanza upya. Pia kanuni zetu za ulinzi wa data za 2021 zinasema tangazo lazima liwe na njia rahisi ya kujitoa. Ukiwa umekataa na bado wanatuma, peleka malalamiko kwa ofisi ya kamishna wa data. Dada, piga hiyo kodi.

Binti_Tabata

Asante kaka, ila mimi niko Dar na yangu ni ya WhatsApp. Hiyo kodi huku haitanifaa.

Mama_Vitenge

Jamani na sisi wadogo mtuhurumie. Mimi nauza vitenge, natumia simu yangu yenye WhatsApp ya biashara. Sina mfumo wala kiolezo. Nina orodha ya wateja, natuma tangazo moja linawafikia. Lakini linamfikia yule tu aliyehifadhi namba yangu kwenye simu yake. Hivyo kama hunitaki, futa namba yangu kwenye majina yako, orodha haitakufikia tena, na siku ukitaka kitenge utaniandikia. Hakuna haja ya bloku wala kuniripoti. Mteja akiniambia "mama niondoe," namwondoa siku hiyo. Roho inaniuma nikiona watu wanatuchanganya na hao wa Kariakoo.

Fundi_Meseji

Mama yuko sahihi, na hapo ndipo utakapotambua. Ukifungua jina la biashara na huoni sehemu ya ofa na matangazo, huenda ni duka linalotumia simu ya kawaida kama yeye. Hapo futa namba, au mwambie mwenye duka, kwa sababu anayesoma ni mtu.

Binti_Tabata

Mama Vitenge, hasira yangu haikuhusu wewe. Unayemwondoa mteja akiomba, wewe ndiye hawa wakubwa wangepaswa kukuiga.

Mrejesho wakuu. Nimeiondolea bloku namba ya kwanza, nimeingia kwenye jina, sehemu ya ofa nimeiona, nimezima. Namba ya pili nimefanya vivyo hivyo. Halafu nimewaandikia barua pepe, kwa sababu nimesoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inanipa haki ya kumtaka aliyekusanya taarifa zangu aache kuzitumia kwa matangazo ya biashara. Naweka maneno niliyotumia, anayetaka achukue:

"Nilitoa namba yangu kwa ajili ya garantii ya jokofu. Nataka muache kuitumia kwa matangazo, kwenye namba na matawi yenu yote. Taarifa za matengenezo endeleeni kunitumia. Nijibuni kwa maandishi kwamba mmeniondoa kwenye orodha ya matangazo, na mniambie ni nani mwingine mmempa namba yangu."

Wakikaa kimya, barua hiyo naipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na picha za skrini zenye tarehe.

Fundi nimepangiwa upya na taarifa imefika safari hii. Lakini asubuhi hii imeingia nyingine, someni wenyewe: "Ndugu mteja, ombi lako la matengenezo limepokelewa. Ukisubiri fundi, pata punguzo kwenye jokofu jipya!" Hii imepitaje wakati nimezima?

Fundi_Meseji

Imepita kwa sababu wameivisha joho la huduma. Kanuni za Meta ni kwamba taarifa ikichanganywa na ofa inahesabika kuwa tangazo, lakini kuna wanaoipitisha kama huduma hadi igundulike. Ibonyeze hiyo meseji yenyewe uiripoti, na ukiulizwa kama unataka kuwazuia pia, ondoa hiyo alama, la sivyo fundi anakwama tena.

Kisiki_cha_Mpingo

Na wakisajili namba ya tatu je?

Fundi_Meseji

Hapo sina jibu la kwenye simu. Kitufe kinazuia matangazo, hakifuti namba yako kwenye orodha yao. Hilo ni kazi ya ile barua.

Binti_Tabata

Basi nasubiri majibu ya barua. Wakijibu nitaweka hapa, wasipojibu nitaweka hapa pia. Kama kuna mtu ameshawahi kupeleka lalamiko la namna hii pale Tume, naomba aseme lilichukua muda gani na walimtaka alete nini.