Kikomo cha 10% Nairobi kimenifanya mjinga, na aliyeniuzia data alijua

MchumaJanga:
Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Nimekaa miezi saba nikijenga mkakati wa Soko la Hisa la Nairobi. Kanuni yake haina makuu: hisa ikipanda kwa nguvu leo, na zilizouzwa zikiwa nyingi kuliko kawaida yake, nunua kesho, shika wiki tatu, ikishuka asilimia 8 kutoka bei uliyonunulia, toka. Nikaupima kwa data za zamani, miaka kumi, siku kwa siku. Ukanipa asilimia 41 kwa mwaka. Nikamwambia mke wangu kiwanja tusubiri, hela izae kwanza.

Sasa sikieni yaliyonikuta. Hisa yenyewe siitaji. Siku ya ishara ilifunga 20.00. Asubuhi yake fununu ya gawio ikaenea, wanunuzi wakajazana kwenye 22.00, ambayo ndiyo bei ya juu kabisa inayoruhusiwa kwa siku hiyo. Wauzaji hakuna. Siku nzima zikabadilishana mikono hisa 3,400, na mimi niliyeomba 30,000 sikupata hata moja. Siku ya pili 24.20, hola. Siku ya tatu mlango ukafunguka nikapata zote 30,000 kwa wastani wa 26.00. Nikafurahi kama mtoto wa Idi.

Kesho yake fununu ikakanushwa. Agizo langu la kukata hasara lilikuwa 23.92, lakini hisa ilifungua 23.40, kikomo cha chini, na ikabaki hapo hapo. Wauzaji foleni ndefu, mnunuzi hata wa dawa hakuna. Siku iliyofuata 21.10, hali ile ile. Siku ya tatu ndipo nikauza, wastani 20.15. Hesabu yake ni shilingi 175,500 za Kenya, asilimia 22.5 ya mtaji niliouweka.

Nikarudi kwenye programu kuiuliza ingefanya nini. Inaniambia bila aibu kwamba ilinunua 30,000 kwa 22.00 siku ya kwanza, siku ambayo soko zima liliuza 3,400! Na ikatoka kwa 20.24, hasara asilimia 8 tu, shilingi 52,800. Yaani ilinunua hisa ambazo hazikuwepo.

Aliyeniuzia data nimempigia, ananijibu "bei ni sahihi, kaka." Dalali naye ananiambia "ndiyo foleni hiyo, bosi." Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia hili neno kikomo wakati anapokea hela yangu.

Hesabu_Tu:
Pole mkuu, ila unalia bure. Dawa yake ni mstari mmoja. Futa siku zote ambazo bei ya kufunga imepanda au kushuka asilimia 9.9 na zaidi, kisha rudia kipimo. Mimi nafanya hivyo miaka miwili sasa.

MzeeWaFoleni:
Hesabu_Tu, umeshika mkia wa ng'ombe ukadhani umeshika pembe. Nimekaa kwenye dawati la dalali miaka mingi, niruhusu nikusahihishe.

Nairobi bei ya kufunga si bei ya biashara ya mwisho. Ni wastani wa siku, uliopimwa kwa wingi wa hisa zilizouzwa kwa kila bei. Hisa inaweza kugonga kikomo saa tano asubuhi na kukaa hapo hadi saa tisa soko linapofungwa, lakini kwa kuwa asubuhi iliuzwa chini, kwenye data yako inasomeka imepanda asilimia 7. Mstari wako hauioni. Cha kutazama ni bei ya juu na bei ya chini za siku. Kama bei ya chini ya siku ni kikomo cha juu chenyewe, basi mlango ulikuwa umefungwa siku nzima.

Halafu kuna kukunja desimali. Hisa ya senti 27, kama ilivyokuwa Mumias siku zake za mwisho sokoni, asilimia 10 juu yake ni 0.297. Bei hiyo haipo, inaishia 0.29, ambayo ni asilimia 7.4. Ukitafuta 9.9 kwenye hisa za namna hiyo hutaipata maisha yako yote.

Kubwa zaidi ni hilo la kufuta siku. Ukiwa tayari unayo hisa, siku ile ilikugusa, faida au hasara ni yako, huwezi kuifuta. Na kikomo cha juu kinamzuia mnunuzi tu. Anayeuza siku hiyo anauza vizuri kabisa, tena anabembelezwa. Kwa hiyo acha siku ibaki, zuia agizo la upande mmoja.

ChatuMtulivu:
Nakazia ya Mzee. Mimi naiandika hivi, upande wa kununua:

```python
juu = math.floor(round(ref * 1.10 / tiki, 6)) * tiki

if low >= juu - tiki / 2:        # imefungwa siku nzima
    jaza = 0
elif high >= juu - tiki / 2:     # iligusa tu
    jaza = min(agizo, 0.1 * volume * (juu - wastani) / (juu - low))
else:
    jaza = min(agizo, 0.1 * volume)
```

`ref` ni bei ya kufunga ya jana, ghafi, ile iliyochapishwa na soko. Usitumie bei zilizorekebishwa kwa ajili ya gawio au hisa za bonasi, maana desimali zake hazifanani na zile za ubao wa soko na kikomo kitakupita pembeni. `tiki` ni hatua ndogo kabisa ya bei, kwa hisa ya mleta uzi ni senti 5. Hiyo `round` msiitoe, kompyuta ikigawanya inaweza kukupa 439.99999 badala ya 440 na kikomo kinashuka hatua nzima. Upande wa kuuza geuza: 0.90, `ceil`, na `high` mahali pa `low`.

Mstari wa kati ndio ninaoupenda. Kwa kuwa tunao wastani wa siku, tunaweza kujua angalau kiasi gani kiliuzwa chini ya kikomo. Chukua siku yako ya tatu: kikomo 26.60, wastani 26.00. Tuseme bei ya chini ilikuwa 24.00. Sitini senti gawanya kwa 2.60, ni asilimia 23. Pungufu ya hapo haiwezekani, hata kama biashara zote zisizo za kikomo zilifanyika kwa 24.00. Kwa hiyo angalau asilimia 23 ya hisa za siku hiyo zilipatikana bila foleni, nami najipa sehemu ya kumi ya hizo. Bei ya kununulia naweka kikomo chenyewe, nisijidanganye.

MchumaJanga:
Chatu, bei ya chini ilikuwa 24.00 kweli, umebahatisha. Ziliuzwa 210,000 siku hiyo. Kwa kanuni yako ningepata hisa 4,800 na ushei. Mbona mimi nilipata zote 30,000?

MzeeWaFoleni:
Hapo sasa umegusa donda. Kwenye kikomo hakuna anayeweza kukushinda kwa bei, kinachobaki ni nani alitangulia. Siku mbili za kwanza waliokuwa mbele yako walichukua kidogo kilichokuwepo. Siku ya tatu mwenye mzigo aliamua kuuachia, foleni yote ikalishwa ikashiba, na wewe ukiwemo. Ukikuta umepewa zote bila jasho, jiulize anayekupa anajua nini.

Kanuni ya Chatu ni ya uangalifu siku nzuri, ila siku mbaya inakupunguzia mzigo ambao kiuhalisia ungebebeshwa wote. Faida inapungua, sawa, lakini hasara nayo inapungua kwa uongo.

ChatuMtulivu:
Kweli, hilo sijalitatua. Nimewahi kuweka kwamba hisa ikitoka kwenye kufungwa, agizo lijazwe lote. Matokeo yakawa mabaya hadi nikashuku nimezidisha.

MamaChapati_Eldoret:
Samahanini, mimi si mtaalamu. Marehemu baba ametuachia hisa za Mumias na za Kenya Airways. Hizo foleni mnazosema ndizo zinafanya nisiweze kuuza za Mumias? Nikae foleni wapi?

MzeeWaFoleni:
Pole mama. Hiyo si foleni. Mumias ilisimamishwa kabisa kuuzwa sokoni 2019, na hisa ikiwa imesimamishwa hakuna agizo linalopokelewa, la kuuza wala kununua. Kenya Airways nayo ilisimamishwa Julai 2020, ikarudi Januari 2025, hizo unaweza kuuza. Kwanza maliza mirathi, kisha dalali akuhamishie akaunti.

MchumaJanga:
Mama amenikumbusha! Huyo muuza data kwenye Kenya Airways ameburuza bei ya 3.83 kila siku kwa miaka minne na nusu. Nilikuwa na mkakati mwingine wa kuchagua hisa tulivu zisizoyumba. Mnajua iliniletea nini namba moja? Shirika la ndege lililofungiwa. Haiyumbi kwa sababu haiuzwi!

Hesabu_Tu:
🤣 Hiyo nimeikuta na mimi. Natafuta siku ambazo `volume` ni 0.

ChatuMtulivu:
Haitoshi. Nairobi kuna hisa nzima kabisa zinazokaa siku kadhaa bila kuuzwa. Sifuri ya kukosa mteja na sifuri ya kufungiwa ni vitu viwili. Orodha ya tarehe za kusimamishwa itengeneze kwa mkono kutoka matangazo ya soko, hazizidi ukurasa mmoja. Ongeza na siku soko zima liliposimama. Ijumaa ya Machi 13, 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa, kipimo cha hisa 20 kilishuka zaidi ya asilimia 5 na biashara ikasitishwa. Kwenye data inaonekana siku ya kawaida yenye bei ya kufunga. Mkakati wa "uza mwisho wa siku" unadhani uliuza.

Muscat_Mswahili:
Mnalalamika Nairobi! Mpakistani mwenzangu kazini ananihadithia Karachi 2008. Waliweka sakafu chini ya soko zima kuanzia mwisho wa Agosti hadi katikati ya Desemba. Bei zipo ubaoni, mnunuzi hayupo. Sakafu ilipoondolewa soko likaporomoka.

MchumaJanga:
Nimerudia kipimo kwa kanuni ya Chatu na orodha ya waliofungiwa. Kutoka 41 imebaki 6. Hati fungani za serikali zingenilipa zaidi nikiwa nimelala.

Swali langu moja, Mzee. Hisa ikisimamishwa nikiwa nayo, niiandike bei gani? Nikiweka sifuri, Kenya Airways ilirudi. Nikiweka bei ya mwisho, Mumias inanicheka.

MzeeWaFoleni:
Dawatini tuliandika sifuri siku ile ile. Ila ile ilikuwa hela ya watu, na mkubwa wetu alikuwa mwoga.

Hesabu_Tu:
Nusu bei?

ChatuMtulivu:
Nusu umeitoa wapi? Zilizosimamishwa Nairobi hazifiki hata vidole vya mikono miwili kwenye data yangu. Huwezi kupata wastani wa maana hapo. Mimi naendesha mara mbili, kwa sifuri na kwa bei ya mwisho, na mkakati ukiishi kwa moja tu nautupa.

MchumaJanga:
Nimejaribu sasa hivi. Kwa sifuri ni asilimia 2. Naenda kumwambia mke wangu habari za kiwanja.