Kakangu ana Lp(a) 240, hii sindano mpya ya majaribio tuichangie?

BintiLikoni: Hamjambo jamani, naomba ushauri. Kakangu ana miaka 46, havuti sigara wala si mnene, mwaka jana akapata hati ataki akawekwa stenti. Juzi kapimwa Lp(a), aina ya mafuta ya damu yanayoziba mishipa, ikaja 240 nmol/L, daktari asema ni ya kurithi, chakula hakiigusi. Sasa shemeji alioko Ujerumani atwambia kuna sindano zaishusha asilimia 80 na zaidi, na kuna jamaa hapa mjini asema ataileta kwa pesa. Watu washaanza kuchanga. Tulipe?

AbduKisauni: Pole dadangu. Mwambie aache statini kwanza, hizo dawa za kolestro ndo zaipandisha hiyo kitu.

MamaZuhura: Hata mimi kolestro ilikuwa juu, nikaacha viazi karai ikashuka yenyewe!

FundiMaabara: Mamangu, hiyo yako ilikuwa LDL, ile kolestro mbaya ya kawaida, hii ni nyingine. Na Abdu, ni kweli statini yaweza kuipandisha kidogo, lakini LDL yaiangusha sana na hapo ndo imethibitika kuzuia hati ataki, kwa hivyo asiache hata siku moja.

Binti, sindano zenyewe ni za kweli, pelakarseni na olpasirani, zazuia ini lisitengeneze protini ya hiyo Lp(a), na namba kwenye karatasi yaanguka kweli. Lakini hazijaidhinishwa, kwa hivyo huyo jamaa sijui atawaletea nini kwenye hicho kichupa.

BintiLikoni: Sasa kama ndo inayoziba mishipa na dawa yaitoa, itakosaje kusaidia?

FundiMaabara: Hapo ndo penyewe. Kuna dawa ya zamani, niasini, ilikuwa yashusha Lp(a) kama asilimia 20 na LDL pia, wakaijaribu kwa watu zaidi ya 25,000, majibu yakatoka 2014, hati ataki hazikupungua na wengine wakapata sukari. Wanaotetea sindano husema asilimia 20 ilikuwa ndogo mno, na yawezekana wana haki. Ushahidi mkubwa walio nao ni wa watu waliozaliwa na Lp(a) ya chini, hao kweli moyo hauwasumbui sana, lakini wamekaa nayo chini tangu tumboni. Kakako ataanza na 46 mishipa ishaharibika, je itamfaa vilevile? Ndo maana jaribio la pelakarseni liitwalo Lp(a)HORIZON likaandikisha watu zaidi ya 8,000 wenye ugonjwa tayari, nusu wadungwe dawa nusu maji matupu kila mwezi kwa miaka, kisha wahesabu nani kapata hati ataki, si nani namba yake imeshuka.

AbduKisauni: Na akisubiri akafa?

FundiMaabara: Swali zuri na sina jibu tamu. Hizo pesa za mchango nunueni statini ya nguvu na ezetimibu, dawa nyingine ya kolestro, LDL ishuke kabisa, presha ipimwe. Na wewe Binti umepimwa?

BintiLikoni: La, yeye peke yake.

FundiMaabara: Basi nenda. Na ukipewa majibu kwa mg/dL usiyalinganishe na 240 yake, si kipimo kimoja.