Naomba ushauri: mwigizaji anataka nimtamkie mstari

Waongozaji wenzangu, nisaidieni. Tunapiga filamu fupi Lamu, kwenye daka la nyumba moja Mkomani. Mama anamuaga mwanawe anayesafiri kwa jahazi. Nilipomwambia "huzunika zaidi", alikunja uso tu. Nikamtamkia mstari mwenyewe. Akaniiga hadi pumzi, wala hakumtazama mwanawe. Mwishowe nikamnong'oneza: "Mzuie asivuke kizingiti." Akamshika mkono wa kanzu, sauti ikashuka yenyewe.

Sasa kijana anayeigiza mwana kila mara huniuliza, "Niseme vipi?" Nilimpa kitendo: "mbembeleze akuachilie". Kikafaa mara mbili, ya tatu kikawa mazoea. Je, nimbadilishie kitendo, labda "mharakishe", au nimwachie kilekile, nimwambie mama asimtazame? Nachelea tukibadilisha, ule mkono wa kanzu usioane na picha tulizokwisha piga.