Naombeni ushauri: andiko la dokumentari ya wakulima wa mwani limerudishwa na kituo

Mpigapicha_Mnyonge: Wakuu, nilipeleka andiko kwenye kituo kimoja cha televisheni, dokumentari ya dakika 52 juu ya kina mama wanaolima mwani Paje, Zanzibar. Wamelirudisha na maswali manne: nani ameniruhusu kuingia, nitawalindaje hao kina mama, hadithi inaanzia wapi na kuishia wapi, na tarehe ya kukabidhi nimeipataje. Nilikuwa nimejaza kurasa sita za historia ya zao tangu 1989 na joto la bahari. Ratiba yangu ni kupiga picha siku 30 mfululizo kuanzia Juni 1, kukabidhi mwisho wa Agosti. Kikundi kimekubali kwa mdomo. Nimekosea wapi?

HarusiHD: Unatumia kamera gani mkuu? Mimi harusi za ufukweni chumvi imeshaniulia lenzi mbili.

Mzee_wa_Vibali: Kijana, nenda kwa sheha, akusainie barua na kugonga muhuri, uiambatanishe. Sheha akikubali, shehia nzima imekubali. Hapo swali la kwanza na la pili yamekwisha.

BiSauti: Shikamoo mzee. Barua ya sheha ni lazima, lakini inafungua njia tu. Haimsemei mama ambaye uso wake utaonekana. Tena mwani una mnunuzi, na mara nyingi yeye ndiye anayewapa kamba na mbegu, wao wanamuuzia kwa bei yake. Sasa mama akisema mbele ya kamera kuwa bei inamuumiza, wewe unapanda boti kurudi mjini, yeye kesho anapeleka gunia kwa mtu huyohuyo. Kituo kinakuuliza hilo. Andika kwamba ridhaa utaiomba mara mbili: kabla ya kupiga picha, na baada ya kumwonyesha sehemu zake kwenye toleo la kwanza la uhariri, wakati bado kuna nafasi ya kutoa kitu. Na mnunuzi umeshaongea naye? Asipokubali, sema mapema picha za mizani ya kupimia mwani utazipiga wapi.

Mpigapicha_Mnyonge: Mnunuzi sijamgusa kabisa. Na hadithi je?

BiSauti: Kurasa sita zako ni mada, hadithi haijaingia. Kuna mama yeyote hapo anayetaka kitu ambacho huenda asikipate?

Mpigapicha_Mnyonge: Yupo mmoja, ana hamsini na kitu. Analima mwani aina ya spinosumu kama wenzake, ila anataka kurudi kwenye aina ya kotonii kwa sababu bei yake ni nzuri. Kotonii inakufa kwenye maji ya kina kifupi yakipata joto, kwa hiyo anataka kuipeleka kwenye kina kirefu. Hajui kuogelea.

BiSauti: Na hilo uliliweka ukurasa wa ngapi?

Mpigapicha_Mnyonge: Wa tano 😅

BiSauti: Lilete aya ya kwanza. Kisha andika miisho miwili, akivuna na asipovuna, maana huwezi kumuahidi mhariri mavuno. Mwani ukiwa mweupe na kukatika, upige siku hiyohiyo. Usije ukamwambia mama autupe tena kwa sababu jua lilikuwa baya.

Pwani_Kwetu: Mimi mama yangu analima Jambiani. Hizo siku 30 mfululizo zimenichekesha. Shambani wanakwenda kwenye bamvua, maji yakitoka mbali. Maji mafu yakiingia utapiga picha za kuku na vyombo.

BiSauti: Asante, ratiba ianzie hapo. Bamvua zinakuja mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kila moja ina siku chache za kazi. Kutoka kufunga mbegu mpaka kuvuna ni kama wiki sita. Kwa hiyo unahitaji bamvua ya kupanda, moja au mbili za kupalilia, na ya kuvuna. Ongeza moja ya akiba, kwa sababu kusi la Juni na Julai linaweza kuzuia boti. Ukianza Juni, picha zinaisha Agosti, tarehe uliyoahidi kukabidhi! Uhariri wa dakika 52 upe wiki nane, mhariri wa kituo apate wiki mbili za kutazama, kisha rangi, sauti na tafsiri ya maandishi wiki nne. Andika mwisho wa Novemba. Na uliza kama wanataka muziki na sauti za mazingira kwenye njia tofauti na maneno. Ukisahau hapo unarudi studio kwa hela yako.

Mzee_wa_Vibali: Marahaba binti. Na posho? Kina mama waache kazi bure?

BiSauti: Nauli na chakula ndiyo. Kulipia mahojiano sikubali, mtu ataanza kusema anachodhani umekinunua.

Pwani_Kwetu: Dada, siku nzima ya mama yangu ni gunia. Mpiga picha analipwa, mshika maiki analipwa, yeye ale wali aondoke?

BiSauti: Hapo sina jibu zuri. Wengine wanatoa kitu kwa kikundi kizima kazi ikishaisha. Waulize kituo kabla hujasaini, kila kimoja kina kanuni yake.

HarusiHD: Kwa hiyo kamera hujataja.

Mpigapicha_Mnyonge: Ya kuazima, mkuu. Kesho napanda boti, naanza na mnunuzi.